Jirani wa mita 334 asiyeonekana: namna programu za kutafuta wenza zinavyowapata walio karibu

Tuchukue mfano wa kubuni katika mahali pa kweli. Binti mmoja ana duka la vitambaa katika Sekta ya Kanama, Wilaya ya Rubavu. Kijana mmoja ni fundi wa pikipiki, na karakana yake iko magharibi ya duka hilo, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Wote wawili wamejiandikisha katika programu ileile ya simu ya kutafuta wenza, na wote wawili wameomba waonyeshwe watu walio ndani ya kilomita 4. Binti anafungua simu yake na kuonyeshwa mwalimu anayeishi karibu kilomita 6 kutoka dukani. Fundi hamwoni, wala fundi hamwoni yeye.

Simu zao ni nzima, mtandao upo, na mitambo ya satelaiti imetoa mahali sahihi. Kosa limo katika namna hifadhidata ya programu hiyo ilivyopanga watu wake. Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba wahandisi wengi wa programu za aina hii hukutana nalo angalau mara moja, na bahati imeamua kwamba eneo la Kanama liwe mahali pazuri sana pa kulieleza.

Kwanza tuone kwa nini hifadhidata inahitaji mpango wowote. Simu ya kila mtumiaji hutuma namba mbili: latitudo, yaani umbali wake kutoka ikweta, na longitudo, yaani umbali wake kutoka mstari wa Greenwich, zote zikipimwa kwa digrii. Duka la binti tuliweke katika latitudo -1.7000 na longitudo 29.3570. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba yuko kusini ya ikweta. Karakana ya fundi iko katika latitudo hiyohiyo, longitudo 29.3540. Tofauti ya longitudo zao ni 0.0030, na kwa kuwa digrii moja ya longitudo katika maeneo yetu ni kilomita 111 na ushei, umbali kati yao ni mita 334.

Njia nyepesi ya kumtafutia binti watu walio karibu ni kupita kwa kila mtumiaji mmoja mmoja, kukokotoa umbali wake hadi dukani, na kubaki na wale walio chini ya kilomita 4. Programu yenye watumiaji elfu mbili inaweza kufanya hivyo bila taabu. Ikifikisha milioni moja, kila mara mtu anapofungua simu yake seva italazimika kukokotoa umbali mara milioni moja, na wakati huohuo maelfu ya wengine nao wamefungua simu zao. Hapo ndipo programu huanza kukwama, na watu huilaumu kampuni ya simu.

Dawa ya ugonjwa huu katika hifadhidata yoyote ni faharasa. Msomaji anaifahamu faharasa ya kitabu: orodha iliyopangwa kwa alifabeti, inayokuwezesha kulifikia jina unalolitaka bila kufungua kila ukurasa. Faharasa ya hifadhidata hufanya kazi hiyohiyo. Katika orodha iliyopangwa ya majina milioni moja, kwa kugawa nusu kwa nusu, jina lolote hupatikana kwa kulinganisha mara 20 hivi, kwa sababu 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20 hupita milioni moja.

Lakini majina hupangwa katika mstari mmoja, ilhali dunia ina pande mbili. Tukipanga watumiaji kwa latitudo peke yake, hifadhidata itatupatia upesi watu wote walio katika ukanda mwembamba unaopita Kanama. Ukanda huo hauishii Kanama. Unaelekea magharibi hadi Gisenyi na Goma, na mashariki hadi juu ya maji ya Ziwa Viktoria, kisha Kenya na Bahari ya Hindi, mpaka uzunguke dunia nzima. Tukipanga kwa longitudo tutapata ukanda mwingine, safari hii kutoka ncha hadi ncha. Kuwa na faharasa zote mbili hakusaidii kama mtu anavyotarajia, kwani mara nyingi hifadhidata huchagua moja kati yake na kuwachambua wote waliobaki mmoja mmoja.

Dunia iliyokunjwa kama karatasi

Njia ambayo wengi huikimbilia inaitwa jiohashi. Ilitangazwa mwaka 2008 na Gustavo Niemeyer, mtaalamu wa programu kutoka Brazili, ingawa wazo lililo chini yake ni la zamani zaidi: Guy Macdonald Morton, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Kanada, aliliandikia ripoti mwaka 1966. Wazo lenyewe ni kugeuza namba mbili kuwa neno moja, ili neno hilo liweze kupangwa katika orodha kama neno jingine lolote.

Namna ya kufanya hivyo ni kama mchezo wa maswali ya ndiyo na siyo. Je, duka la binti liko mashariki ya Greenwich? Ndiyo, andika 1. Je, liko kaskazini ya ikweta? Siyo, andika 0. Katika nusu ya mashariki, je, liko mashariki ya digrii 90? Siyo, 0. Katika nusu ya kusini, je, liko kaskazini ya digrii -45? Ndiyo, 1. Je, liko mashariki ya digrii 45? Siyo, 0. Majibu matano yametupa 10010, ambayo katika hesabu ya kawaida ni 18. Jiohashi ina alama zake 32: tarakimu 0 hadi 9, kisha herufi za alifabeti zikiondolewa a, i, l na o. Ukihesabu kuanzia 0, alama ya 18 ni k. Kwa hiyo neno la Kanama linaanza na k.

Maswali huendelea, longitudo na latitudo kwa zamu, na kila swali hukata kipande kilichobaki katikati. Kila majibu matano huongeza herufi moja. Herufi nne za duka la binti ni `kxsy`. Hilo ni jina la kisanduku chenye upana wa kilomita 39 na kimo cha kilomita 19 hivi, nacho kinaibeba Goma, Gisenyi na Kanama kwa pamoja. Herufi ya tano hukigawa kisanduku hicho katika visanduku vidogo 32, kila kimoja kikiwa na upana na kimo cha karibu kilomita 4.9. Katikati ya Gisenyi huangukia `kxsy3`. Duka letu la vitambaa liko `kxsyk`.

Uzuri wake sasa unaonekana. Maneno yanayoanza kwa herufi zilezile hukaa pamoja katika orodha, na watu wanaoshiriki herufi za mwanzo hukaa pamoja duniani. Kumtafutia binti watu wa karibu kunakuwa sawa na kufungua kamusi mahali penye `kxsyk` na kuwachukua wote waliomo. Hakuna ukokotoaji wa umbali mara milioni moja. Kuna hatua chache za kulifikia neno, kisha kusoma mfululizo.

Mshono unaopita Kanama

Hapa ndipo fundi wetu anapopotea. Moja ya mistari ambayo jiohashi hukata dunia, ile inayoamua jibu la kwanza la herufi ya tano katika kisanduku cha `kxsy`, iko katika longitudo 29.3555, nayo inapita katika maeneo ya Kanama. Duka liko mashariki ya mstari huo kwa kiasi kidogo, na karakana iko magharibi yake kwa kiasi kidogo. Neno la duka ni `kxsyk`. Neno la karakana ni `kxsy7`. Kwenye orodha iliyopangwa, kati ya 7 na k kuna visanduku vingine kumi. Watu wawili wanaotenganishwa na mita 334 wamewekwa kurasa tofauti za kamusi.

Mwalimu, kwa upande wake, anaishi kwenye pembe ya mbali ya kisanduku cha `kxsyk`, katika latitudo -1.6710 na longitudo 29.3990. Umbali wake hadi dukani ni kilomita 5.7. Kwa kuwa neno lake ni sawa na la binti, programu inayotazama herufi peke yake inamleta. Kwa hiyo makosa ni mawili kwa mpigo mmoja: aliye karibu ameachwa, na aliye nje ya kilomita 4 ameingizwa.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kushiriki herufi kunathibitisha ukaribu, lakini kutoshiriki herufi hakuthibitishi chochote. Mfano ulio wazi kuliko wote katika Afrika Mashariki uko kwenye ikweta yenyewe. Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kuelekea Masaka, wageni hupiga picha mguu mmoja ukiwa kaskazini na mwingine kusini. Mguu wa kaskazini una neno linaloanza na s, na wa kusini una neno linaloanza na k. Hawashiriki hata herufi ya kwanza. Nanyuki nchini Kenya hali ni hiyohiyo, na kupunguza idadi ya herufi hakuwezi kusaidia hapo, kwani hata ukibaki na herufi moja tu, mshono bado upo.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Programu haivunjiki wala haitoi ujumbe wa hitilafu. Anayeishi katikati ya kisanduku huona majirani wengi na kuridhika. Anayeishi kwenye mshono huona wachache, naye hudhani kwamba kijijini kwake hakuna watu. Mhandisi aliyeko Kigali akijaribu programu kwa simu yake anaweza asione dosari yoyote. Njia ya uhakika ya kuibaini ni kuchukua nukta mia kadhaa za kubahatisha, nyingine zikiwekwa makusudi pande mbili za mistari ya jiohashi, kisha kuwatafuta watu mara mbili: mara moja kwa faharasa, na mara moja kwa ile njia ya kizamani ya kumpima kila mtu. Orodha mbili zikitofautiana hata kwa mtu mmoja, faharasa inatumiwa vibaya.

Visanduku tisa, kisha rula

Tiba yake inajulikana. Badala ya kutazama kisanduku cha binti peke yake, programu hutazama na vile vinane vinavyokizunguka. Majina yake hukokotolewa kwa kuongeza au kupunguza hatua moja kwa kila upande, na kwa duka letu swali linaloulizwa hifadhidata ni hili:

```sql
CREATE INDEX idx_geohash ON watumiaji (geohash5);

SELECT id, lat, lon FROM watumiaji
WHERE geohash5 IN ('kxsyk','kxsym','kxsy7',
                   'kxsys','kxsyt','kxsye',
                   'kxsyh','kxsyj','kxsy5');
```

Msomaji atakiona `kxsy7`, kisanduku cha fundi, mwishoni mwa mstari wa kwanza wa majina. Amepatikana. Lakini mwalimu naye bado yumo, pamoja na watu walio mbali kuliko yeye, kwa sababu visanduku tisa kwa pamoja ni mraba wenye upande wa kilomita 14 na nusu hivi. Eneo lake linazidi kidogo kilomita za mraba 210, ilhali duara la kilomita 4 analolitaka binti lina kilomita za mraba 50 tu. Ikiwa watu wametawanyika sawasawa, kati ya kila wanne walioletwa, watatu hawatakiwi.

Kwa hiyo kuna hatua ya pili ambayo haipaswi kurukwa: kwa wale walioletwa tu, seva inakokotoa umbali halisi kwa kuzingatia mviringo wa dunia, inamwondoa mwalimu, na kuwapanga waliobaki kuanzia wa karibu. Ukokotoaji uleule uliokuwa mzigo kwa watu milioni moja ni mwepesi kwa watu mia mbili. Faharasa kazi yake ni kupunguza watahiniwa. Uamuzi wa mwisho ni wa rula.

Kuna mtego mdogo katika kuchagua urefu wa neno. Visanduku tisa vinatosha ikiwa umbali unaotafutwa hauzidi upande mfupi wa kisanduku kimoja. Kwa kilomita 4, herufi tano zinafaa, kwa kuwa upande ni kilomita 4.9. Mtumiaji akisogeza kipimo hadi kilomita 20, mhandisi hushuka hadi herufi nne, anaona upana wa kilomita 39 na kuridhika. Amesahau kimo. Kisanduku cha herufi nne kina kimo cha kilomita 19.4 tu, na mtu aliyesimama kwenye ukingo wake wa kaskazini hatamwona aliye kilomita 19.8 moja kwa moja kaskazini yake. Lazima ashuke hadi herufi tatu, ambapo kisanduku kina zaidi ya kilomita 150 kila upande na watahiniwa huwa wengi mno, au aongeze safu nyingine ya visanduku juu na chini. Mimi ningechagua hilo la pili.

Programu za hifadhidata zilizokomaa hubeba mzigo huu zenyewe. Redis, inayohifadhi taarifa katika kumbukumbu ya haraka ya kompyuta, ina amri ya `GEOSEARCH` ambayo ndani yake hutumia jiohashi ya biti 52, hutazama visanduku jirani, kisha hupima umbali. Kampuni ya Tinder ilieleza kwamba hugawa watumiaji wake duniani kwa mpango wa visanduku unaoitwa S2, uliobuniwa Google, ambao visanduku vyake havipishani mno kwa ukubwa kutoka ikweta hadi ncha za dunia.

Njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoifaa zaidi timu ndogo, ni kuachana na maneno kabisa na kutumia faharasa ya maeneo. Mwaka 1984 Antonin Guttman alieleza mti wa R. Katika mti huo, watu walio karibu huzungushiwa kisanduku kimoja, visanduku vilivyo karibu huzungushiwa kisanduku kikubwa zaidi, na kadhalika hadi juu. Anayetafuta huanzia juu na kuyaacha matawi yote ambayo visanduku vyake havigusi duara lake. Mistari hapa haikuamuliwa tangu Greenwich na ikweta. Hufuata mahali watu walipo, kwa hiyo mji wenye watu wengi hupata visanduku vidogo, na milima yenye watu wachache hupata vikubwa. Hifadhidata ya PostgreSQL ikiongezewa PostGIS hufanya hivyo kwa mistari michache:

```sql
CREATE INDEX idx_mahali ON watumiaji USING GIST (mahali);

SELECT id FROM watumiaji
WHERE ST_DWithin(mahali,
      ST_MakePoint(29.3570, -1.7000)::geography, 4000);
```

Hapa `mahali` ni safu ya aina ya `geography`, na 4000 ni mita. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuandika `ST_Distance(...) < 4000` badala ya `ST_DWithin`. Majibu yatakuwa sahihi, lakini faharasa haitaguswa, na kila mtumiaji atapimwa upya. Ukiweka neno `EXPLAIN` mbele ya swali, hifadhidata itakueleza njia itakayoifuata. Ikitaja `Seq Scan` juu ya jedwali la watumiaji wengi, basi itapita kwa kila mmoja wao. Kosa la pili ni kuanza na latitudo. `ST_MakePoint` hutaka longitudo kwanza, kinyume cha tulivyozoea kusema. Ukizigeuza namba za duka letu, binti wa Kanama atajikuta katika jangwa la Algeria, na atashangaa kwa nini hana jirani hata mmoja.

Mpaka ambao kisanduku hakiujui

Kisanduku cha `kxsy3`, kile cha Gisenyi, kinaanzia longitudo 29.2236 na kuishia 29.2676. Ndani yake umo mji wa Gisenyi, umo mpaka, na imo sehemu ya mashariki ya Goma. Kwa hifadhidata hao wote ni majirani. Kwa binadamu, kati yao kuna forodha, hati za kusafiria na saa za kufunga. Mwaka 2020, wakati wa korona, aliyekuwa umbali wa mita 800 upande wa pili alikuwa mbali kuliko aliyeko Musanze. Hakuna faharasa ya umbali inayoweza kulijua hilo. Programu inayotaka kuwatumikia watu wa Rubavu vizuri huweka safu ya nchi kando ya safu ya mahali, na kumwachia mtumiaji aamue kama anataka kuonyeshwa walio ng'ambo. Ziwa Kivu na milima nayo hudai tahadhari ileile, kwani mstari ulionyooka juu ya ramani si barabara.

Mahali pa mtu si pa kugawa ovyo

Limebaki jambo ambalo kwa wengi wa wasikilizaji wetu lina uzito kuliko kasi. Programu inayojua kwamba fundi yuko mita 334 kutoka kwa binti ina uwezo wa kumwambia mtu mwingine yeyote binti yuko wapi.

Mwezi Februari 2014, wataalamu wa kampuni ya usalama ya Include Security walieleza hadharani kwamba seva ya Tinder ilikuwa ikitoa umbali kati ya watumiaji kwa tarakimu nyingi mno baada ya nukta, ingawa kioo cha simu kilionyesha namba iliyokadiriwa. Mtu mwenye nia mbaya aliweza kuidanganya programu kwamba yuko mahali A, akaandika umbali; kisha mahali B, kisha mahali C. Ukichora duara tatu kwa umbali huo, zinakutana katika nukta moja, nayo ndiyo nyumba ya anayetafutwa. Dosari hiyo ilikuwa imekwisha kurekebishwa wakati wa kutangazwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kutoa umbali kwa kilomita nzima. Haitoshi. Mtafutaji husogeza mahali pake pa uongo mita chache chache hadi namba igeuke kutoka kilomita 1 kuwa 2. Pale inapogeuka, anajua umbali kamili, na akirudia mara tatu anarejea kwenye duara zilezile. Hata programu isiyoonyesha namba yoyote huweza kuvuja, kwani mtu kuonekana au kutoonekana ndani ya kilomita 4 ni jibu la ndiyo au siyo, na majibu ya namna hiyo yakikusanywa hufanya kazi ileile. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji walichunguza programu 15 za kutafuta wenza, na katika 6 kati yake waliweza kupata mahali pa mtumiaji kwa usahihi wa kutisha kwa mbinu za aina hii.

Tiba inayofaa inatumia visanduku vilevile tulivyovieleza. Seva ichukue mahali pa kila mtu, ipahamishie katikati ya kisanduku chake kabla ya kukokotoa umbali wowote, na isitumie kabisa namba halisi katika majibu yanayokwenda kwa wengine. Hapo hata mtafutaji mwerevu, akichora duara zake zote, ataishia katikati ya kisanduku, mahali ambapo huenda hapana nyumba. Gharama yake ni kwamba umbali unaoonyeshwa utakuwa wa kukadiria, na rula ya hatua ya pili itapima kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kwa programu ya kutafuta wenza nadhani gharama hiyo ni halali.

Ukubwa wa kisanduku cha kujificha ni lazima ufuate idadi ya watu. Herufi sita hutoa kisanduku cha kilomita 1.2 kwa mita 600 hivi. Katikati ya Kigali, hapo wamo watu wengi na binti mmoja hupotea miongoni mwao. Katika vilima vya Rubavu, kisanduku kama hicho chaweza kuwa na watumiaji wawili tu, na picha ya mmoja wao ikitosha kwa jirani kumtambua. Huko herufi tano ndizo za busara. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda data binafsi na faragha, inahusu taarifa za mtu anayeweza kutambulika, na mahali panapoongoza hadi mlangoni pa mtu ni vigumu kupaondoa katika maana hiyo.

Hata hivyo, mshono wa Kanama una neno lake la mwisho. Binti akitoka dukani na kwenda kwa fundi kushonesha kiti cha pikipiki ya kaka yake, anavuka longitudo 29.3555. Katikati ya kisanduku chake huruka ghafla karibu kilomita 5 kuelekea magharibi, na akirejea dukani kinaruka tena kuelekea mashariki. Anayemfuatilia kwa siku tatu ataona mrukaruko huo na kujua kwamba mtu wake anaishi au anafanya kazi karibu na mstari huo, yaani atakuwa amepunguza kilomita za mraba 24 hadi ukanda mwembamba. Mhandisi mwangalifu huzuia hilo kwa kutobadilisha kisanduku cha mtumiaji mara tu anapovuka mstari. Husubiri hadi awe ameupita kwa umbali wa kutosha, tuseme mita 500, ndipo huandika neno jipya. Kwa kanuni hiyo, binti anaweza kwenda karakana na kurudi mara kumi kwa siku, na katika hifadhidata akabaki `kxsyk`. Naye bado atakuwa miongoni mwa watahiniwa wa fundi, kwa sababu `kxsyk` imo katika visanduku tisa vinavyotazamwa kutoka `kxsy7`; ila rula ikipima kutoka katikati ya kisanduku hadi katikati ya kingine itasoma karibu kilomita 5, kwa hiyo kikomo cha kilomita 4 lazima kilegezwe ili waonane.